Barua ya wazi kwa mameneja utumishi na wahasibu wa mishahara: mtu akipanda cheo katikati ya mwezi, mlipeni siku zake zote

Assalaamu alaykum waheshimiwa,

Naandika kwenu nyote mnaofanya peroli kwenye mahoteli ya Unguja na Pemba, kuanzia Nungwi na Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, na wale wa upande wa pili kule Pemba pia. Mie mwenyewe nimefanya kazi ya mishahara kwa muda mrefu, na siku hizi watu hunijia na slipi zao niwasomee, kwa hiyo haya ninayosema si ya kusikia. Nataka nizungumze jambo moja tu, nalo ni ule mwezi ambao mtu anaingia na mshahara mmoja na anautoka na mshahara mwengine. Huo mwezi mmoja ndio unaokosewa kuliko yote, na wanaoumia ni wale wale mliowapandisha kwa sababu wanafanya kazi vizuri.

Mnajua wenyewe kwa nini kwetu hili linatokea sana. Msimu ukichanganya, Julai na Agosti, supavaiza anapata kazi hoteli nyengine anaondoka wiki ya pili ya mwezi, na nyie hamuwezi kungoja mwezi uishe maana wageni wamejaa, basi mnamuita mtu wa chini yake mnampa barua, kuanzia tarehe kumi na kitu wewe ni supavaiza. Hapo hamjakosea kitu, biashara ndivyo inavyokwenda. Shida inaanza tarehe 25 peroli inapofungwa.

Nikupeni kesi moja. Dada mmoja wa hausikiping, hoteli iko kaskazini, siitaji, na figa nimezibadilisha kidogo asijulikane na zigawike vizuri, lakini kosa ni lile lile lililokuwepo kwenye slipi yake. Besiki yake ya zamani 465,000. Barua ya kupandishwa inasema kuanzia tarehe 12 Agosti besiki mpya ni 620,000. Agosti ina siku 31. Mwisho wa mwezi slipi ikaja imeandikwa besiki 545,000 bila maelezo yoyote, mstari mmoja tu. Akaenda kuuliza, mhasibu akamwambia "dada yangu sistimu ndio inavyopiga, imechanganya mshahara wa zamani na mpya." Akarudi zake. Na kweli ukiitizama ile 545,000 haraka haraka inakaa sawa, iko katikati ya 465,000 na 620,000, nani atagombana nayo?

Sasa tuihesabu wenyewe. 465,000 ukigawa kwa siku 31 unapata 15,000 kwa siku. 620,000 ukigawa kwa siku 31 unapata 20,000 kwa siku. Kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 11 yuko kwenye cheo cha zamani, hizo ni siku 11, mara 15,000 ni 165,000. Kuanzia tarehe 12 mpaka tarehe 31 yuko kwenye cheo kipya, hizo ni siku 20, mara 20,000 ni 400,000. Jumla 565,000. Slipi imeandika 545,000. Imepungua 20,000 kamili, na elfu ishirini kamili ndio kima chake cha siku moja kwa mshahara mpya, yani kuna siku moja nzima imepotea kwenye hesabu na siku yenyewe ni ile tarehe 12, siku aliyoanza kazi mpya.

Imepotea vipi? Kwenye eksel yao siku za zamani wamezipata kwa kuchukua 12 kutoa 1, ikaja 11, sawa kabisa. Siku mpya wakachukua 31 kutoa 12, ikaja 19. Hapo ndipo. Ukitoa 12 kwenye 31 umeiondoa na tarehe 12 yenyewe, wakati ile siku mtu kaamka alfajiri kapanda daladala ya 116 kafika kazini kavaa yunifomu ya usupavaiza kafanya shifti yake mpaka mwisho. 11 na 19 ni 30, na mwezi una siku 31. Kosa hili hulioni kwenye pesa kwa sababu pesa imechanganywa, unaliona kwenye siku tu, na slipi haikuonesha siku. Ndio maana nasema kila slipi ya mwezi wa namna hii iwe na mistari miwili ya besiki: siku 11 kwa 15,000, siku 20 kwa 20,000. Mtu yeyote aliyefika skuli ya msingi atajumlisha 11 na 20, na akiona haifiki 31 atajua pa kuuliza.

Na lipo kosa kinyume chake, tarehe 12 kuhesabiwa pande zote mbili, siku 12 za zamani na siku 20 za mpya, zinakuwa 32. Hilo mfanyakazi halalamiki, lakini mkaguzi akija mnakatana pesa miezi mitatu baadae na hapo maneno yanakuwa makubwa zaidi. Kanuni ni moja: siku iliyoandikwa kwenye barua kuwa ndio ya kuanza ni ya mshahara mpya, na iliyo kabla yake ndio ya mwisho ya mshahara wa zamani. Iandikwe hivyo hivyo kwenye barua, tusije kubishana nusu siku ni ya nani.

Haya, tuje kwenye kigawanyo, maana hapa ndio kila hoteli ina dini yake. Wengine wanagawa kwa siku za kalenda za mwezi husika kama nilivyofanya hapo juu. Wengine wanagawa kwa 30 kila mwezi. Wengine kwa 26. Hiyo 26 haikutoka hewani, wiki 52 mara siku 6 za kazi ukigawa kwa miezi 12 unapata 26, na Bara kwenye sheria yao ya ajira ya 2004 kuna jedwali linalotumia 4.333, ambayo ni hizo wiki 52 kugawa kwa 12, unazidisha na siku za kazi za wiki. Sisi masuala ya kazi si ya Muungano, tuna sheria yetu ya ajira namba 11 ya 2005, lakini wahasibu wengi wamesomea Bara au wamefanya kazi huko na wamekuja nayo ile 26. Mie sigombani na 26 wala 30. Ninachogombana nacho ni kugawa kwa kitu kimoja kisha kuhesabu siku za kitu chengine.

Tizameni 30 inavyofanya Februari ya siku 28. Chukua mtu wa mapokezi besiki 600,000 anapandishwa mpaka 630,000 kuanzia tarehe 15. Mhasibu anagawa kwa 30, anapata 20,000 na 21,000 kwa siku. Kisha anahesabu siku za kalenda, 14 za zamani na 14 za mpya. 14 mara 20,000 ni 280,000, na 14 mara 21,000 ni 294,000, jumla 574,000. Soma tena hiyo namba. Mtu alikuwa analipwa laki sita, kapandishwa cheo, na mwezi ule ule kapokea laki tano na sabini na nne, wakati mwenziwe aliyebaki chini hakupandishwa kapokea laki sita zake kamili kwa sababu wa mshahara kamili hawagawiwi siku! Haki yake ilikuwa 615,000, nusu ya mwezi kwa nusu ya mwezi. Nimewahi kuiona kesi ya sura hii na bosi akasema labda kuna makato. Hakukuwa na makato yoyote, siku mbili za kigawanyo hazikuwahi kulipwa na mtu.

Na mwezi wa siku 31 ile ile 30 inazidisha upande wa pili. Yule dada wa Agosti ukigawa kwa 30 ukahesabu siku 11 na 20, unapata 583,833, kazidishiwa karibu elfu kumi na tisa. Kama mnaipenda 30 basi ichukueni yote, yani siku mpya ziwe 30 kutoa siku za zamani, si kuhesabu kalenda. Kwa Agosti inakuwa 11 na 19, jumla 563,167, tofauti na ile 565,000 ni kama elfu moja na mia nane, mtu anaweza kuishi nayo kama imeandikwa na ni moja kwa wote. Lakini jueni ina pembe yake: aliyepandishwa tarehe 31 anapata sifuri ya mshahara mpya mwezi huo, kwa sababu siku 30 za zamani zimeshaujaza mwezi.

26 kwa mahoteli ndio mbaya zaidi, na sababu yake ni ofu. Ofisini mjini watu wote wanapumzika siku zile zile, lakini hotelini ofu inazunguka, huyu Jumapili yule Jumanne. Sasa chukua Agosti 2025, ilianza Ijumaa. Mwenye ofu ya Jumapili ana Jumapili tano kwenye mwezi ule, kwa hiyo kafanya kazi siku 26, tisa kabla ya tarehe 12 na kumi na saba kuanzia tarehe 12. Mwenye ofu ya Jumanne ana Jumanne nne tu, kafanya kazi siku 27, kumi kabla na kumi na saba baada. Wapandishe wote wawili siku moja kutoka 465,000 kwenda 620,000. Ukigawa kwa 26 kwa wote, wa Jumapili anapata 566,346 na wa Jumanne 584,231. Ukisema basi kila mmoja nimgawie kwa siku zake mwenyewe alizofanya kazi, wa Jumapili anabaki na 566,346 na wa Jumanne anashuka mpaka 562,593. Cheo kimoja, barua moja, tarehe moja, na mshahara tofauti kwa sababu ya rosta ya ofu. Hapo mtawaelezaje kwenye chumba cha chakula?

Kwa hiyo ombi langu kwa mwezi wa kuchanganya ni siku za kalenda za mwezi ule ule. Mshahara ni wa mwezi, ofu imo ndani yake, tarehe 1 mpaka mwisho zote zina bei, na zikijumlishwa zinatimia mwezi kamili bila kubaki wala kuzidi. Ovataimu iacheni na kigawanyo chake cha saa kama mlivyoandika kwenye mkataba, hiyo ni habari nyengine, ila tu saa alizofanya kabla ya tarehe ya kupanda zilipwe kwa bei ya zamani na za baada yake kwa bei mpya. Na hivyo hivyo siku bila malipo. Aliyekosa tarehe 5 na 6 Agosti akatwe 15,000 mara mbili, si 20,000, maana siku zile alikuwa bado hajapanda.

Fomula yenyewe kwenye eksel ni fupi. Weka besiki ya zamani B2, mpya C2, tarehe kamili ya kuanza D2:

```
=ROUND((B2*(DAY(D2)-1)+C2*(DAY(EOMONTH(D2,0))-DAY(D2)+1))/DAY(EOMONTH(D2,0)),0)
```

Ile +1 ndio siku ya tarehe 12. Ile EOMONTH inajua yenyewe mwezi una siku 28, 29, 30 au 31, hakuna wa kuandika 30 kwa mkono. Fanyeni ROUND mara moja mwisho, msifanye ROUND kwenye kima cha siku kwanza afu mzidishe, mtapoteza shilingi shilingi ambazo zinafanya jumla isikubaliane na vitabu.

Na kama hoteli yenu imenunua sistimu ya peroli na hamuoni fomula iliyoko ndani, ipo njia moja ya kuipima ambayo mie huitumia kila mara. Weka mshahara wa zamani na mshahara mpya kuwa sawa sawa, 465,000 na 465,000, tarehe ya kupanda 12 Agosti. Lazima irudishe 465,000. Ile eksel iliyoila tarehe 12 itakurudishia 450,000. Ukiweka 600,000 mara mbili Februari, sistimu inayogawa kwa 30 na kuhesabu kalenda itakurudishia 560,000. Ile ya 26 kwa mwenye ofu ya Jumanne itakupa karibu 482,885. Makosa yote matatu yanajifichua kwa jaribio moja, halichukui hata dakika tano, na halihitaji kumuita fundi kutoka Dar.

Sasa areazi. Mara nyingi barua inatoka tarehe 12 lakini imekwama mezani kwa mtu anayengoja saini, inafika kwa mhasibu peroli imeshafungwa, basi Agosti mtu analipwa 465,000 ya zamani na tofauti inaahidiwa Septemba. Sawa, inatokea. Lakini tofauti hiyo ni ya siku za Agosti na igawiwe kwa siku za Agosti: tofauti ya mwezi ni 155,000, kwa siku 31 ni 5,000, mara siku 20 ni 100,000, na ukiijumlisha na 465,000 unarudi kwenye 565,000, zinakubaliana. Nimeona wanaogawa kwa 30 kwa sababu "tunalipa Septemba", ikawa 103,333, na nimeona wengi zaidi wanaosema tuanze tu moja moja tarehe 1 Septemba, mambo yawe mepesi. Ikiwa barua inasema tarehe 1 Septemba hakuna neno. Ikiwa inasema tarehe 12 Agosti, na mtu tangu tarehe 12 ndio anayekagua vyumba na kusaini rosta na kulaumiwa mgeni akikuta taulo chafu, basi hiyo laki moja ni yake na wepesi wa peroli usilipiwe na yeye.

Na msisahau ZSSF. Mchango wa mwezi ule uhesabiwe kwenye jumla iliyochanganywa, ile 565,000, upande wake na upande wenu, na areazi ikilipwa mwezi wa pili nayo ikatwe na kupelekwa. Nimekuta hoteli inaacha msingi wa mchango kwenye besiki ya zamani miezi miwili mitatu mpaka mtu akumbuke kuubadilisha kwenye sistimu, na mfanyakazi hajui mpaka siku anapochukua taarifa yake ya michango. Kodi ya PAYE nayo hupigwa mara moja kwenye jumla ya mapato ya mwezi. Msiendeshe peroli mbili, moja ya siku 11 na moja ya siku 20, kila moja na kodi yake, maana ngazi za kodi ni za mwezi mzima na kila peroli itaanza upya kutoka chini, kodi itakuwa ndogo kuliko haki na baadae mtaidaiwa.

Posho sizielezi sana. Kama cheo kipya kina posho ya nyumba au ya usafiri ambayo cha zamani hakina, nayo inafuata siku zile zile 20 kwa 31, labda barua iseme vyengine. Sevis chaji haifuati hesabu hii, inafuata utaratibu wa pointi mliokubaliana.

Ninachokuombeni waheshimiwa ni vitu vya kufanya wiki hii. Kwenye barua ya kupandishwa ongezeni mstari mmoja: mshahara mpya unaanza tarehe fulani ikiwa ni pamoja na tarehe hiyo, na mwezi wa mpito utagawiwa kwa siku za kalenda za mwezi huo. Kwenye slipi oneshani siku na kima cha siku, mistari miwili. Na fungueni mafaili ya wote mliowapandisha katikati ya mwezi tangu msimu uliopita, mkajumlishe siku zao. Hawatakuwa wengi, hoteli ya wastani haipandishi watu kila siku, kwa hiyo mtu mmoja na eksel yake ataimaliza asubuhi moja. Anaekosa siku alipwe kwenye peroli ya mwezi huu na aandikiwe imelipwa kwa ajili ya nini. Yule dada wa kaskazini elfu ishirini yake bado hajalipwa mpaka leo, na hoteli yake inajua, kwa sababu nilimuandikia hesabu hii hii kwenye karatasi na aliipeleka.

Wenu katika kazi,
Mtu wa mishahara, Unguja